Nimetumia kompyuta ya kafe, sasa vitu vya watu wengine vinaingia kwenye simu yangu

Nuru_Singida

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, na msinicheke.

Wiki iliyopita nilienda kafe moja hapa mjini kujaza maombi ya mkopo wa HESLB. Simu yangu kioo kimepasuka, fomu ile kwenye simu inanitesa, nikaona bora nilipie saa mbili nikae kwenye kompyuta. Nikafungua Chrome, nikaingia Gmail maana ndiko nilikojitumia cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Nikakishusha, nikakipakia, nikaprinti fomu ya kupeleka serikali ya mtaa. Nilipomaliza nikafunga dirisha kwa ile X ya pembeni, nikalipa, nikaondoka.

Tangu juzi nikifungua Chrome kwenye simu naona nimetafuta vitu ambavyo sijatafuta. Bei ya injini ya bodaboda. Nauli ya basi Singida hadi Mwanza. Mtu kaangalia mechi usiku mzima. Nikasema labda mdogo wangu kachezea simu. Jana ndipo nikaogopa: nimeingia kwenye nywila zilizohifadhiwa nikakuta anwani tatu za barua pepe ambazo si zangu, na nywila zake zipo palepale.

Nimedukuliwa? Au simu ina virusi?

---

BabaShani

Hakuna virusi hapo. Ulisahau kutoka kwenye akaunti, basi. Badilisha nywila ya Gmail na kazi imekwisha. Siku nyingine tumia Incognito, ukifunga kila kitu kinafutika, hata mwenye kafe haoni chochote.

---

Chapati Mbili

Dada historia isikunyime usingizi, inafutika hiyo. Chrome, nukta tatu, "Delete browsing data", chagua "All time", weka tiki kwenye visanduku vyote, bonyeza. Mimi nafanya kila Ijumaa kabla ya kurudi nyumbani na ndoa ina miaka kumi na moja.

---

Mtemi Kibodi

Nuru, kabla hujafanya lolote: USIFUATE alichoandika Chapati Mbili. Ukiweka tiki kwenye visanduku vyote, na cha nywila kimo humo, utafuta nywila zako mwenyewe kila mahali akaunti yako ilipo, simu ikiwemo. Nitaeleza kwa nini.

Niliendesha kafe Morogoro kwa miaka tisa, kompyuta kumi na mbili, na hiki kilichokupata nilikiona karibu kila wiki. Kuna kuingia mara mbili, na watu wengi hudhani ni kumoja. Kwanza unaingia Gmail kama tovuti. Halafu Chrome yenyewe inachomoza na ukurasa unaokuuliza kama uwashe usawazishaji, yaani nywila na historia ziwe zilezile kwenye kila kifaa chako, una kitufe cha bluu kimeandikwa "Yes, I'm in". Mteja ana haraka, dakika zinahesabiwa, anabonyeza cha bluu ili ukurasa umtoke machoni. Ulibonyeza?

---

Nuru_Singida

Nilibonyeza mkuu. Nilidhani ni sehemu ya kuingia Gmail.

---

Mtemi Kibodi

Basi ndiyo hiyo. Ulipobonyeza pale, haukuingia Gmail tu, ulihamia na mizigo yako yote kwenye ile kompyuta. Nywila zilizokuwa kwenye simu yako zilishuka kwenye Chrome ya kafe. Na kuanzia hapo, kila aliyekaa kwenye kiti kile anatumia Chrome yenye jina lako. Akitafuta injini ya bodaboda, inaandikwa kwako. Akiulizwa "Save password?" naye akabonyeza "Save" kwa haraka zilezile, nywila yake inapanda kwenye akaunti yako. Hao watu watatu hawajakudukua, wamekaa kwenye kiti chako tu. Lakini njia ni ya pande mbili: wewe unaziona zao, na wao wakijua pa kubonyeza wanaziona zako.

Kufunga kwa X hakukutoa popote. Kwenye kafe nyingi Chrome imewekwa kufunguka ilipoishia, kwa hiyo hata kompyuta ikizimwa usiku, asubuhi inarudi na kurasa zako zikiwa wazi.

Sasa fanya hivi ukiwa na simu mkononi. Nenda myaccount.google.com, ingia "Security", shuka hadi "Your devices", kisha "Manage all devices". Soma orodha taratibu, kisha uniambie unaona nini.

---

Nuru_Singida

Naona simu yangu. Chini yake kuna Windows, Chrome, Tanzania, imetumika dakika 40 zilizopita. DAKIKA ARUBAINI.

---

Mtemi Kibodi

Tulia. Gusa hiyo Windows, chagua "Sign out". Ukimaliza, badilisha nywila ya Google saa hiyohiyo, kwenye simu yako, si pengine. Anza na hiyo kwa sababu mwenye Gmail yako anaweza kuomba nywila mpya ya kila kitu kingine unachomiliki, na kiungo cha kubadilishia kikaja humohumo.

Ila BabaShani aliposema "kazi imekwisha" hapo aliteleza. Ukiitoa akaunti kwa mbali, Chrome ya kafe inaandika "Paused" pembeni ya picha yako. Inaacha kupokea vipya, lakini nywila zilizokwisha kushuka zinabaki kwenye ile diski. Na Windows za kafe kwa kawaida hazina nywila, kwa hiyo Chrome ikitaka kuthibitisha aliyekaa ni nani kabla ya kuonyesha nywila, haina cha kumwuliza. Mtu anafungua orodha anasoma kama anasoma menyu.

Kwa hiyo una kazi mbili zaidi. Badilisha nywila za tovuti zilizokuwa zimehifadhiwa, ukianza na zenye pesa na ile ya maombi ya mkopo. Kisha rudi kafe kwa miguu yako ukafute wasifu wako, yaani profile, kwenye ile Chrome.

---

Mwalimu wa Zamu

Mtemi naheshimu uzoefu wako ila hapo kwenye mpangilio sikubaliani nawe. Kama usawazishaji bado uko hai, angeutumia huohuo. Aandike nywila zake kwenye daftari, azifute zote kwenye simu, na kule kafe zingefutika zenyewe maana ndivyo usawazishaji unavyofanya kazi. Ndipo aitoe ile kompyuta kwenye akaunti. Ukikata kwanza, umejifungia nje na nywila ziko ndani.

---

Mtemi Kibodi

Mwalimu, hoja yako ni ya kweli na nimewahi kuifanya. Ila itafanya kazi kompyuta ikiwa imewashwa na ina mtandao muda huo, na wewe huku nje hujui kama imefuta au bado. Wakati unasubiri, Gmail iko wazi mbele ya mtu. Mimi nakata kwanza.

---

Mwalimu wa Zamu

Dakika arubaini zilizopita ilikuwa imewashwa. Lakini sawa, ameshakata, tuendelee.

---

Wa Kisauni

Wadau, mimi niko Mombasa, huku tunaita saiba. Yangu haikuwa Gmail bali WhatsApp. Nilienda kuprinti barua ya kazi, nikafungua WhatsApp Web, nikaskani ile msimbo na simu, nikatoa faili, nikaenda. Baada ya siku nne shangazi ananiuliza mbona namsomea jumbe na simjibu. Alama za bluu zinatokea nikiwa nimelala. Kumbe kijana wa saiba alikuwa anajisomea tu mambo ya familia yetu. Mazishi, harusi, nani anadaiwa.

---

BabaShani

Pole sana. WhatsApp ni rahisi lakini, zima data kwenye simu, kule inakatika yenyewe.

---

Wa Kisauni

Haikukatika ndugu yangu. Simu ilizimika chaji siku nzima na bado zilikuwa zinasomwa.

---

Mtemi Kibodi

BabaShani anakumbuka mambo ya zamani, na zamani alikuwa sahihi. Zamani WhatsApp Web ilikuwa inapitia kwenye simu yako, simu ikizima na kompyuta inakatika. Tangu 2021 walipoanza kuleta mfumo wa vifaa vingi, kompyuta inasimama yenyewe. Simu isipotumika kabisa kwa siku 14 ndipo vifaa vilivyounganishwa vinatolewa. Siku 14 ni nyingi mno kwa kijana mwenye udaku.

Dawa iko kwenye simu: kwenye Android gusa nukta tatu, kwenye iPhone ingia Settings, kisha "Linked devices", unaona orodha, unagusa kilichoandikwa jina la kivinjari cha kafe, "Log out". Na siku ya kuskani, chini ya ule msimbo kuna kisanduku cha kubaki umeingia kwenye kivinjari kile, na mara nyingi kimeshawekwa tiki. Kitoe kwanza.

Kisanduku cha aina hiyohiyo kipo Google ukiwa umewasha uthibitisho wa hatua mbili. Unapoandika zile namba za SMS, chini yake kuna "Don't ask again on this device", na tiki iko tayari. Ukiiacha, kompyuta ya kafe imekuwa kifaa cha kuaminika. Siku mtu akipata nywila yako akiwa kwenye kompyuta ile, hataulizwa namba. Nuru, wewe una hatua mbili?

---

Nuru_Singida

Sina. Naziwasha leo.

Nimebadilisha ya Google, ya HESLB, na ya Facebook. Swali langu ni kuhusu zile nywila tatu za watu. Nizifanyeje? Nisiwafiche, moja ni ya mtu ninayemfahamu kwa jina, tunasali naye.

---

Chapati Mbili

Usizifungue lakini. Ukishajua siri ya mtu mnayekaa benchi moja hutasikia mahubiri tena.

---

Mtemi Kibodi

Zifute bila kuzifungua. Huyo unayemfahamu mwambie abadilishe, hao wengine una anwani zao, ukitaka waandikie mistari miwili.

---

Mwalimu wa Zamu

Akiwaandikia wageni "nina nywila yako, badilisha", watadhani ni tapeli. Mimi ningepokea barua hiyo ningeifuta.

---

Mtemi Kibodi

Kweli nayo hiyo. Huyo mwenzake amwambie uso kwa uso, hao wawili sijui.

---

BabaShani

Turudi kwenye Incognito, maana hamjanijibu. Nikitumia Ctrl + Shift + N tangu mwanzo, haya yote si yangekuwa hayapo?

---

Mtemi Kibodi

Mengi yasingekuwepo. Kule Chrome haikuulizi kuhusu kuhifadhi nywila, wala haikuletei kile kitufe cha bluu cha usawazishaji. Ukifunga, kuingia kwako kunakufa. Lakini nikupe tukio nililoshuhudia kwenye kompyuta namba saba.

Mteja wa kwanza alifungua Incognito, akaingia barua pepe yake, akaishusha dirisha chini, akasahau akaondoka. Mteja wa pili, mjanja kama wewe, naye akafungua Incognito yake. Akaandika gmail.com ili aingie, akakuta ameshaingia, ila kwa jina la mtu mwingine. Akaniita, akidhani kompyuta imerogwa. Madirisha yote ya Incognito yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanakula sahani moja. Kuingia kwa mmoja ni kuingia kwa wote, na mteja wa pili akifunga lake bila kutoka, akaunti yake inabaki hai hadi dirisha la mwisho lifungwe.

Utajuaje? Angalia kona ya juu kulia. Likiwa peke yake linaandika "Incognito" tu. Yakiwa mawili linaandika "Incognito (2)". Ukiona namba hapo na wewe umefungua moja, kuna mtu kabla yako. Funga yote, hakikisha hata yaliyoshushwa chini, kisha fungua upya.

Mimi kafe napenda zaidi Guest. Unabonyeza kile kiduara cha picha pembeni ya sehemu ya anwani, chini kabisa kuna "Guest" (matoleo mengine yanaandika "Open Guest profile"). Kule huoni alama wala nywila za mwenye kafe, na zako hazichanganyiki na za mtu. Sheria ya kufunga madirisha yote ni ileile. Na dirisha la faragha kama Incognito, Firefox ni Ctrl + Shift + P, Edge ni Ctrl + Shift + N kama Chrome.

Na kabla ya kuandika nywila yoyote, popote, tazama kile kiduara. Kina picha ya mtu au herufi ya jina lake? Basi uko nyumbani kwa mtu.

---

Wa Kisauni

Na mwenye saiba je? BabaShani alisema haoni kitu.

---

Mtemi Kibodi

Incognito inafuta kumbukumbu za kivinjari pekee. Faili ulizoshusha zinabaki kwenye Downloads kama zilivyo. Cheti cha kuzaliwa cha Nuru kiko pale, nina hakika. Kufuta ni Shift + Delete, kwa sababu Delete peke yake inakihamishia Recycle Bin, nayo hakuna anayeimwaga. Ila hata Shift + Delete haimzuii fundi mwenye programu ya kurudisha faili, kwa hiyo kama unaenda na flashi, fungulia faili humohumo kwenye flashi bila kulishusha.

Na kitu ambacho wateja wangu hawakukijua: muda. Programu ya kuhesabu muda ikimaliza dakika zako inafunga skrini tu. Haifungi kurasa. Anayefuata akilipia, skrini inafunguka na barua pepe yako iko wazi palepale ulipoishia katikati ya sentensi. Mimi nilikuwa nimeweka Deep Freeze, kompyuta ikiwashwa upya inarudi kama nilivyoigandisha, kila kitu cha mteja kinayeyuka. Lakini inayeyuka ikiwashwa upya. Siku ya wateja wengi nani anawasha upya? Hata mimi sikuwa nawasha. Zikibaki dakika tano, acha unachofanya uanze kutoka. Au lipia nusu saa nyingine.

---

Mwalimu wa Zamu

Na programu zinazorekodi kila kitufe unachobonyeza? Hapo Guest na Incognito zote hazina maana. Mimi naandika nywila kwa kibodi ya kwenye skrini, kwa mausi.

---

Mtemi Kibodi

Hiyo inakusaidia kwa kile kidude kinachochomekwa kati ya waya wa kibodi na kompyuta, mfano wa flashi fupi. Hicho unaweza hata kukiona, inama uangalie nyuma. Programu iliyofichwa huwezi kuiona, na nyingine zinapiga picha skrini, kwa hiyo mausi yako nayo inaonekana.

---

Mwalimu wa Zamu

Si zote zinapiga picha. Nusu ya kinga ni bora kuliko kukosa.

---

Mtemi Kibodi

Na mimi nasema nusu ya kinga inampa mtu moyo wa kufungua akaunti ya benki mahali ambapo asingefungua. Tumeshabishana hili kwenye uzi mwingine Mwalimu, hatukumalizana.

---

Nuru_Singida

Nimerudi wakuu. Nimetoka kafe sasa hivi.

Nilimkuta dada wa zamu, nikamweleza, akasema nenda kompyuta ileile ila ulipie. Nikalipia nusu saa kufuta vitu vyangu mwenyewe. Kufungua Chrome, kiduara kina picha yangu ya mahafali na pembeni "Paused", kama alivyosema Mtemi. Nikabonyeza picha, nikatafuta pa kusimamia wasifu, zikaja kadi mbili. Moja yangu, nyingine imeandikwa jina la kaka mmoja ambaye naye alihamia. Kwenye yangu nikabonyeza nukta tatu, "Delete", ikaniambia vitu vingapi vitaondoka kwenye kompyuta hii, nikakubali. Ya kaka sikugusa, nilimwonyesha dada wa zamu, akasema atamwambia bosi.

Downloads nimekuta cheti changu mara tatu, maana nilikuwa nabonyeza nikidhani haishuki. Nimefuta kwa Shift + Delete. Vya wengine vimo vingi: barua za kazi, matokeo, picha za pasipoti, kadi ya kliniki ya mtoto. Sikuvifungua.

Orodha ya vifaa kwenye simu sasa ina simu yangu peke yake. Hatua mbili nimewasha, na nimechukua zile namba za akiba kumi nikaziandika nyuma ya daftari la hesabu, maana kioo hiki hakina siku nyingi.

Mtemi, moja limebaki. Historia ya yule wa injini bado iko kwenye simu yangu. Nikiifuta sasa nitapoteza nywila?

---

Mtemi Kibodi

Hapana, safari hii futa. Chagua historia peke yake, kisanduku cha nywila hakikisha hakina tiki, na muda chagua ule unaofikia siku uliyoenda kafe. Chapati Mbili yeye aendelee na Ijumaa zake.

---

Chapati Mbili

Nimesoma uzi wote. Kumbe na mimi wiki jana niliingia Chrome kwenye kompyuta ya ofisini. Na kiduara kina picha yangu. Mtemi uko?